Sentensi Yangu Ina Kosa Gani? Namna ya Kuuliza, na Kulinasa Kosa Linalojirudia

Wanaojifunza kuandika Kiswahili huuliza maswali mawili bila kuchoka. La kwanza: "Wamenisahihisha, lakini sioni sababu." La pili: "Kosa hili nimeambiwa mara nne na bado nalirudia, nifanyeje?" Maswali haya yanatoka chungu kimoja. Asiyejua sababu ya sahihisho la leo hawezi kutambua kwamba ni ndugu wa sahihisho la juma lililopita, hasa kama ndugu hao hawafanani sura.

Mwongozo huu ni wa mtu anayeandika vipande vifupi na ana mtu wa kumsahihishia, awe mwalimu, mwanafunzi mwenzake au rafiki aliyekulia katika lugha hii. Mfano mmoja utafuatwa kutoka mwanzo hadi mwisho: vipande vitano vya mwanafunzi, masahihisho 26, na kosa moja lililojificha kwenye sentensi saba.

Kabla ya kuanza, uwe na haya

- Vipande vitano ulivyoandika mwenyewe, kila kimoja maneno 80 hadi 120. Kifupi zaidi ya hapo hakitoi nafasi ya kosa kujirudia. Kirefu zaidi humchosha msahihishaji, naye akichoka huanza kuruka makosa bila kukuambia.
- Vipande vyote viwe vya aina moja, kwa mfano masimulizi ya mambo yaliyotokea jana. Ukichanganya barua, maelekezo na masimulizi, kila kipande kitatumia sarufi yake na hutakuwa na cha kulinganisha.
- Msahihishaji mmoja kwa vipande vyote vitano. Wawili wana macho mawili tofauti.
- Daftari, au jedwali la kompyuta, lenye safu tano.
- Kamusi inayoonyesha ngeli ya kila nomino.
- Muda wa majuma mawili hivi. Kazi yenyewe si kubwa, ila lazima siku zipite kati ya kuandika na kuchambua.

Hatua ya 1: Andika kipande, na chini yake andika ulichokusudia

Baada ya kumaliza kipande, tenga mstari mmoja kwa kila sentensi unayoitilia shaka na ueleze ulitaka kusema nini. Unaweza kutumia lugha yako ya kwanza kama msahihishaji anaielewa, au Kiswahili chepesi.

Watu wengi huiruka hatua hii wakidhani ni kazi ya bure. Chukua sentensi "Jirani ana gari." Haina kosa lolote, na msahihishaji ataipita kama ilivyo. Lakini kama ulikusudia kusema kwamba jirani hana gari, umedondosha h, na kosa hilo halitaonekana kamwe kwa kuwa limezaa sentensi nyingine iliyo sahihi. Anayedondosha h katika "hana" huidondosha pia katika "hajui" na "hatafika". Wino mwekundu utaonekana kwenye "ajui" peke yake, nawe utadhani ni kosa la mara moja.

Hatua ya 2: Omba sahihisho dogo kuliko yote

Mwambie msahihishaji wako waziwazi: "Naomba ubadilishe tu kile ambacho ni kosa. Usinipambie sentensi." Usipomwambia, mtu mwenye lugha nzuri ataiandika upya sentensi yote kama angeisema yeye, na hutajua tena ni neno gani lilikuwa na kasoro. Sentensi yako yenye maneno manane ikirudi na maneno sita mapya, huna sahihisho mkononi, una sentensi ya mtu mwingine.

Mwombe pia atie alama mbili tofauti. Mstari mmoja chini ya neno uwe na maana kwamba ni kosa. Mawimbi chini ya neno yawe na maana kwamba si kosa, ila yeye asingelisema hivyo. Alama hizi mbili zitakuokolea muda mwingi katika hatua inayofuata.

Tahadhari: usimwombe akuandikie sababu za masahihisho yote. Ataandika tatu za kwanza vizuri, kisha "sarufi", "sarufi", "sarufi" hadi chini ya ukurasa.

Hatua ya 3: Chuja

Siku moja baada ya kupokea masahihisho, funika toleo lililosahihishwa na usome lako la awali kwa sauti. Kila kosa utakaloliona na kulirekebisha mwenyewe, bila kuchungulia, ni kuteleza tu: kidole kimekosea au akili ilikuwa mbele ya mkono. Kuteleza si kuanguka; liweke pembeni. Lile usiloliona hata baada ya siku nzima ndilo kosa lenyewe, yaani kuna kitu hukijui au unakijua kinyume. Mwanaisimu Pit Corder alitenganisha mambo haya mawili mwaka 1967. Hakuna nadharia nyingine utakayoihitaji kwa sasa.

Kundi la tatu ni upendeleo, yale yenye mawimbi. "Nilienda" imegeuzwa "nilikwenda". Zote mbili zinatumika. Usiyahesabu.

Katika mfano wetu, masahihisho 26 yalichujwa hivi: 4 yalikuwa upendeleo, 5 yalikuwa kuteleza, yakabaki 17. Huo ni mchujo wa kawaida. Kama umebaki na yote 26, hukungoja siku ipite, au umejionea haya kukiri kwamba baadhi ni uzembe.

Hatua ya 4: Andika kilichobadilika, usiandike jina la sarufi

Hapa ndipo kazi yote inapoegemea. Fungua jedwali lenye safu hizi: namba ya kipande, nilivyoandika, ilivyosahihishwa, kilichobadilika, mzizi. Safu ya mwisho iache tupu.

Katika safu ya nne andika kile ambacho jicho linaona: herufi gani zimetolewa, zimeongezwa au zimebadilishwa. Usiandike "ukanushi", "wakati" au "ngeli". Majina hayo tayari ni majibu, na wakati huu hujui jibu. Mwanafunzi wa mfano wetu alikuwa na daftari la awali ambamo aliandika majina ya sarufi, na sentensi zifuatazo zilikaa kwenye kurasa nne tofauti: ukanushi, kitenzi, amri na masharti. Hakuziona kamwe zikiwa pamoja. Alipoziandika upya kwa herufi zilizobadilika, zilionekana hivi:

| Kipande | Nilivyoandika | Ilivyosahihishwa | Kilichobadilika |
|---|---|---|---|
| 1 | Mgeni hakukuja. | Mgeni hakuja. | toa ku |
| 1 | Sikukula asubuhi. | Sikula asubuhi. | toa ku |
| 2 | Chakula alikikula chote. | Chakula alikila chote. | toa ku |
| 3 | Usikunywe maji hayo. | Usinywe maji hayo. | toa ku |
| 3 | Akikuja nitamwambia. | Akija nitamwambia. | toa ku |
| 4 | Bado hajakula. | Bado hajala. | toa ku |
| 5 | Wazazi hawakuji. | Wazazi hawaji. | toa ku |

Saba kati ya 17 ni kitu kimoja. Angetazama kipande kimoja kimoja, angeona kosa moja au mawili tu kila mara, na kila moja likiwa na jina lake.

Ukitumia jedwali la kompyuta, safu ya nne ikiwa D, fomula hii itakuhesabia:

```
=COUNTIF(D2:D60,"toa ku")
```

Andika maneno yale yale kila mara. Ukiandika "toa ku" leo na "ku imetolewa" kesho, hesabu itakudanganya.

Hatua ya 5: Panga makundi, chagua moja

Soma safu ya nne peke yake kutoka juu hadi chini, huku ukiwa umefunika safu nyingine. Yanayofanana yawekee rangi moja. Kundi lenye masahihisho matatu au zaidi, yaliyotoka katika vipande viwili au zaidi, lina haki ya kuitwa kosa sugu. Masahihisho matatu ndani ya kipande kimoja hayatoshi. Huenda uliandika neno lile lile mara tatu siku hiyo.

Mfano wetu ulitoa makundi matatu: "toa ku" mara 7, "y imebadilishwa" mara 4, na kitenzi baada ya "lazima" na "ili" mara 3 ("ni lazima ninaenda" ikawa "ni lazima niende"). Matatu yaliyobaki yalikuwa pweke. Ya pweke yaache jinsi yalivyo. Yatapata wenzao katika vipande vijavyo au yatapotea yenyewe.

Chagua kundi moja tu, lile kubwa. Kushughulikia makundi matatu kwa pamoja ndiko kunakomfanya mtu aseme mbinu hii haifanyi kazi.

Hatua ya 6: Tafuta pia pale ulipopatia

Makosa peke yake ni nusu ya ushahidi. Rudi kwenye vipande vyote vitano na uandike kila mahali ulipotumia kitu hicho hicho bila kusahihishwa. Kwa kundi la "toa ku", vitenzi ni kula, kunywa, kuja na wenzao wenye shina la silabi moja kama kufa na kuwa. Mwanafunzi wetu alikuta mahali 9 alipopatia: alikuja, wanakuja, atakula, amekunywa, nilikula na kadhalika.

Sasa tazama picha nzima. Pale ku inapotakiwa kubaki, amepatia mara 9 kati ya 9. Pale inapotakiwa kuondoka, amekosa mara 7 kati ya 7. Hii si hali ya mtu anayebahatisha. Ana kanuni kichwani mwake, tena anaifuata kwa uaminifu: anaamini kwamba shina la kitenzi ni "kuja" na "kula", na ku haiondoki kamwe. Kumwambia "kuwa makini" hakutamsaidia, kwa sababu alikuwa makini tangu mwanzo.

Kama matokeo yangekuwa 7 kwa 9 yaliyochanganyika ovyo, mara "hakuja" mara "hakukuja", tungesema kanuni sahihi imeshaanza kuingia na kinachohitajika ni mazoezi tu. Tofauti hiyo huwezi kuiona bila kuhesabu ulipopatia.

Hatua ya 7: Jenga dhana, kisha uliza kwa kuijaribu

Swali la "kwa nini hili ni kosa?" lina jibu moja maarufu: "Ndivyo tunavyosema." Anayejibu hivyo hakunyimi kitu. Aliyekulia katika lugha anajua kipi ni sahihi papo hapo, lakini mara nyingi hajawahi kuhitaji kujua sababu. Kwa hiyo usimwombe kanuni. Mpe sentensi mbili achague, kisha kanuni uitafute wewe kutokana na anavyochagua.

Swali zuri lina sehemu tano: nilivyoandika, ulivyosahihisha, nilichokusudia, dhana yangu, na jozi moja ya kuijaribu dhana hiyo. Mwanafunzi wetu alitazama "hakuja", "sikula", "usinywe", "hajala" na "hawaji", akaona zote zinakanusha. Akauliza hivi:

"Mwalimu, naomba kuuliza moja. Niliandika *Mgeni hakukuja*, ukasahihisha *Mgeni hakuja*. Nilikusudia kwamba mgeni tuliyemngoja jana hakufika. Nadhani ku huondoka kwa sababu sentensi inakanusha. Je, kwa kesho niseme *Mgeni hataja* au *Mgeni hatakuja*?"

Jibu: "hatakuja". Dhana imeanguka, maana hiyo nayo ni sentensi inayokanusha na ku imebaki. Kwa kweli angeweza kuiangusha mwenyewe kwa kutazama jedwali lake: "akija" na "alikila" hazikanushi chochote, na bado ku imetoka. Hili ndilo kosa kubwa katika hatua hii: kuchukua mifano mitano inayokubaliana na dhana na kufumbia macho miwili inayoikataa. Miwili hiyo ndiyo yenye thamani.

Dhana ya pili: huenda jambo linategemea kile kinachotangulia ku. Akauliza jozi nyingine, akibadilisha kitu kimoja tu kila mara:

- amekula / amela
- angekula / angela
- akakula / akala
- hukula kila siku / hula kila siku

Majibu: amekula, angekula, akala, hula. Sasa kanuni inajitokeza. Baada ya na, li, ta, me na nge, ku hubaki. Baada ya ki, ka, hu, ja, ku ya kukanusha wakati uliopita, na pia panapokuwa na kiambishi cha mtendwa kama ki katika "alikila", ku huondoka. Huondoka vilevile katika "haji" na "usinywe", na katika "aje" na "wale". "Hatakuja" imebaki na ku kwa sababu ya ta. Ukanushi wake hauhusiki.

Anayetaka sababu ya ndani zaidi ataipata kwenye mkazo. Mkazo wa neno la Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Na, li, ta na me haziwezi kubeba mkazo, kwa hiyo ku huwekwa ili iubebe: ali-KU-ja. Ki na ja zaweza kuubeba zenyewe: a-KI-ja, ha-JA-la. Tamka kwa sauti utasikia.

Mambo mawili ya kuzingatia unapouliza. Uliza masahihisho yasiyozidi matatu kwa mara moja. Na usiulize kwa namna ya kubishana, kama "lakini kitabuni nimeona..."; leta sentensi yenyewe uliyoiona, nzima, pamoja na zilizoitangulia. Mara nyingi utakuta kitabu na mwalimu hawapingani, bali umeinyofoa sentensi mahali pake.

Hatua ya 8: Andika kipande cha sita, cha kujipima

Andika maneno 100 hivi ambayo yatakulazimisha kukabili kosa lako angalau mara sita, nusu kila upande wa kanuni. Kwa "toa ku", hadithi ya wageni waliotarajiwa kula pamoja inatosha kabisa: waliokuja, wasiokuja, waliokula, waliokataa kunywa.

Ukimaliza, kabla ya kumpa mtu, kipitie mara moja ukitafuta ku peke yake. Usisome kwa maana. Weka kidole kwenye kila kitenzi cha silabi moja na ujiulize kilichotangulia ni nini. Kisha mpe msahihishaji.

Jihadhari na kupindukia. Mtu aliyefundishwa kutoa ku huanza kuitoa kila mahali, akaandika "wageni walija" na "atala baadaye". Hili likitokea usihuzunike wala usianze upya. Maana yake ni kwamba kanuni ya zamani imevunjika na mpya haijapata mipaka. Hesabu tena pande zote mbili kama katika hatua ya 6, kisha andika kipande cha saba.

Lione kosa limekwisha pale vipande viwili vinavyofuatana vitakapokuwa safi, kila kimoja kikiwa na nafasi nne au zaidi za kulifanya. Kipande kisicho na nafasi yoyote ya kulifanya hakithibitishi chochote.

Hatua ya 9: Kundi la pili, ambalo huenda likawa si kundi

Kundi la "toa ku" lilikuwa na sura nyingi na mzizi mmoja. Kundi la "y imebadilishwa" ni kinyume chake: sura moja, mizizi mingi. Hizi ndizo sentensi zake nne:

- nyumbani yangu → nyumbani kwangu
- shuleni yetu → shuleni kwetu
- kiti yake → kiti chake
- mwalimu yangu → mwalimu wangu

Ni rahisi kusema "huyu hajui ngeli" na kumrudisha kwenye orodha nzima ya ngeli. Fanya kwanza hatua ya 6. Alipotafuta alipopatia, alikuta "kitabu changu", "chumba chetu", "mtoto wangu", "nyumba yangu", "rafiki yangu" na "dada yangu".

Anayeandika "kitabu changu" na "chumba chetu" anaijua ngeli ya KI-VI. "Kiti yake" basi ilikuwa kuteleza kulikopenya kwenye chujio, iondoe.

"Mwalimu yangu" ina chanzo kingine. Ameiiga kutoka "rafiki yangu" na "dada yangu", akadhani watu wa karibu wote huchukua y. Jozi za kuuliza hapa ni "jirani yangu / jirani wangu" na "mke yangu / mke wangu". Majibu, "jirani yangu" na "mke wangu", yataonyesha mpaka: majina ya udugu na ukaribu yasiyo na kiambishi m- mwanzoni, kama baba, mama, kaka, dada, babu, rafiki na jirani, huchukua y- kwa mmoja na z- kwa wengi. Yenye m- au mw-, kama mtoto, mke, mume na mwalimu, huchukua w-. Kitenzi hakiguswi na jambo hili: ni "rafiki yangu amefika", si "imefika".

"Nyumbani yangu" na "shuleni yetu" ndizo pekee zenye mzizi mmoja. Anaona "nyumba" ndani ya "nyumbani", na nyumba huchukua y. Hajaona kwamba -ni ya mahali ikishaingia, neno limehama ngeli na sasa ni la mahali: nyumbani kwangu, au nyumbani mwangu ukimaanisha ndani. Mwenye kosa hili huandika pia "katika nyumbani", akiweka mahali mara mbili. Itafute hiyo katika vipande vyako kabla hujaulizia. Ikiwepo, mzizi umethibitika bila kumsumbua mtu.

Sasa ndipo ujaze safu ya tano, ya mzizi. Kwa sentensi hizi nne itakuwa na majibu matatu.

Mambo yakikwama

*Kila kosa liko peke yake, hakuna kundi.* Ama vipande vyako ni vya aina tofauti mno, ama safu ya nne umeijaza kwa majina ya sarufi. Rudia safu ya nne kwanza. Ikishindikana, ongeza vipande viwili vya aina ile ile.

*Ukurasa mzima ni mwekundu.* Mwombe msahihishaji atazame vitenzi tu kwa kipande hiki, na nomino pamoja na vivumishi kwa kijacho. Ukurasa wenye masahihisho 30 hausomwi na mtu, unafungwa.

*Wasahihishaji wawili wanapingana.* Waulize kila mmoja kivyake: "Je, sentensi ile nyingine ni kosa, au wewe husemi hivyo?" Mara nyingi mmoja anasahihisha kwa Kiswahili sanifu na mwingine kwa Kiswahili cha mazungumzo. "Akikuja" na "hajakula" utazisikia sana midomoni mwa watu, lakini katika maandishi sanifu ni "akija" na "hajala". Amua unaandikia nani, kisha umfuate mmoja.

*Msahihishaji anasema zote mbili ni sawa.* Muulize ni lini angetumia moja na asitumie nyingine. Akisema hakuna tofauti, hilo ni la upendeleo. Lifute kwenye jedwali.

*Nimeulizia jozi, majibu hayanipi kanuni.* Huenda umebadilisha vitu viwili kwa pamoja. "Amekula / hajala" ina tofauti mbili, ya kiambishi cha wakati na ya kukanusha, na jibu lake halikuambii ni ipi iliyofanya kazi. Gawa jozi hiyo ziwe mbili.

*Sina kosa hata moja kwenye viambishi rejeshi.* Kabla hujafurahi, hesabu umevitumia mara ngapi. Kama vipande vitano havina "aliyekuja" wala "kilichovunjika" hata kimoja, hujakosea kwa sababu umekwepa. Mwaka 1974 mtafiti Jacquelyn Schachter alionyesha hali hiyo hiyo kwa wanafunzi wa Kiingereza: Wachina na Wajapani walikuwa na makosa machache katika vishazi rejeshi kuliko Waarabu na Waajemi, na sababu mojawapo ni kwamba walivitumia mara chache zaidi. Dalili ya kukwepa katika Kiswahili ni sentensi fupifupi zilizopangwa moja baada ya nyingine: "Nina rafiki. Rafiki huyo alikuja jana." Ziunganishe kwa makusudi katika kipande kijacho, makosa yajitokeze yaonekane.

*Kosa lilikwisha, mwezi umepita, limerudi.* Angalia lilirudi wapi. Likirudi katika kipande ulichoandika kwa haraka au kwenye mada ngumu, na ukaliona mwenyewe siku ya pili, ni kuteleza. Usipoliona, fungua tena ukurasa wake kwenye jedwali na uandike kipande kimoja cha kujipima. Usiurudie mzunguko wote.